Mzigo haukufika ama haujafika? Kukataa kwa Kiswahili tukiwa huku Uganda

Ukiongea Kiswahili na askari mstaafu hapa Uganda, au na mlinzi wa geti aliyejifunzia lugha kambini zamani, lazima utasikia sentensi kama hizi: "Mimi hapana jua." "Yeye hapana kuja." "Hii gari hapana pita." Ndo Kiswahili wengi wetu tulisikia kwanza masikioni. Kililetwa na wafanyabiashara wa pwani, alafu jeshi likakishika, kuanzia enzi za keya, yaani wale askari wa KAR wa Mwingereza, na kambini palikuwa na Mwacholi, Mlugbara, Mteso, Mnubi, kila mtu na lugha ya mama yake na hakuna muda wa kukaa chini kufundishana viambishi, kwa hivyo walichukua neno moja la kukataa wakaliweka mbele ya kitenzi na amri ikaeleweka.

Siwalaumu hata kidogo. Kile Kiswahili kilifanya kazi na watu walielewana hadi vitani. Lakini 2005 katiba yetu ilirekebishwa Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, sasa watoto wanakisoma shuleni, wafanyabiashara wanakitumia kila siku na watu wa Dar na Mwanza, na hapo ndo unaona "hapana" ya kambini inabeba kidogo sana. Tatizo lake kubwa si kwamba haipendezi masikioni mwa mtu wa Tanga. Tatizo ni kwamba inakula wakati. Ukisema "hapana fika" msikilizaji anajua kuna kitu hakiko sawa kuhusu kufika, basi, hajui ni jana, ni sasa, ni bado, ama ni kamwe.

Mi hufundisha Kiswahili jioni hapa Kampala, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa maduka ya Kikuubo wanaonunua vitenge na vyombo kutoka Kariakoo. Kwa hivyo mfano nitakaoutumia leo mpaka mwisho ni wa mzigo, kwa sababu mzigo ndo unawaumiza kichwa kuliko grama.

Chukua mtu mwenye marobota ya vitenge yanayotoka Dar kwa lori, yanapitia mpakani Mutukula. Kijana wake yuko boda anasubiri, na yeye Kampala ameshaongea na mwenye gari dogo la kuja kupakua, wateja wanapiga simu. Saa kumi jioni inaingia meseji: "Mzigo hapana fika." Sasa afanye nini? Kwa Kiswahili kamili kijana yule angelazimika kuchagua, na kila chaguo lingemfanya bosi wake afanye kitu tofauti.

Mzigo haujafika. Hapa bado tunasubiri. Lori liko njiani au kwenye foleni, matumaini yapo, usifute gari dogo.

Mzigo haukufika. Hii ni habari nyingine kabisa. Ule muda uliotegemewa umepita na umefungwa, mzigo haukuonekana, sasa piga simu Dar uulize lori liliishia wapi.

Mzigo haufiki. Inategemea mmeongea nini kabla. Inaweza kuwa huu mzigo kwa kawaida haupiti hapa, labda unazungukia njia nyingine, au ukiongeza "leo" inakuwa kwamba kwa hali ninayoiona leo haufiki, sahau.

Mzigo hautafika. Kijana ameshapata habari ya uhakika, kwa hivyo bosi atafute bidhaa kwingine.

Mzigo usifike. Hii sio taarifa tena, ni maagizo. Mtu hataki mzigo ufike, labda karatasi hazijakamilika na ukifika utakaa yadi unalipiwa.

Hizo ni hali tano, na "hapana fika" inazimeza zote. Ndo maana nasisitiza sana hii mada darasani kuliko hata ngeli, ambazo watu wanaziogopa bure.

Sasa angalia kitenzi chenyewe kimefanya nini. Mzigo umefika: u-me-fika. Mzigo haujafika: hau-ja-fika. Mzigo unafika: u-na-fika. Mzigo haufiki: hau-fiki. Hakuna neno lililoongezwa nje. Kukataa kumeingia ndani ya kitenzi na kumeshika sehemu mbili, wakati mwingine tatu: kichwani pameongezeka ha-, katikati alama ya wakati imebadilika au imeondoka kabisa, na mkiani -a imegeuka -i. Usome sehemu zote pamoja, manake ukisikia kichwa peke yake unajua tu mtu anakataa, bado hujajua anakataa nini.

Kichwa ni rahisi, tusikae sana. Unachukua kiambishi cha nafsi au ngeli unakitangulizia ha-: tunafika, hatufiki, wanafika, hawafiki, kinafika, hakifiki, zinafika, hazifiki. Watatu tu ndo wana tabia zao. Mimi inakuwa si-, sifiki. Yeye ni ha- tu, hafiki, kwa sababu ha- na a- zimemezana. Na wewe ni hu-, hufiki. Hapo kuna jambo la kuangaliwa: ule mzigo pia una u- kama wewe, lakini wa mzigo haumezwi, unabaki hau-. Kwa hivyo "hufiki" ni wewe mtu, "haufiki" ni mzigo. Ukienda Nairobi utasikia vijana wakimwambia mtu "haujui" badala ya "hujui", wamefananisha wote wawili, na hapa Kampala tumeanza kuiga. Kwenye mazungumzo inapita, ila kwenye meseji ya biashara ambamo kuna mtu na kuna mzigo, mi naomba watu watofautishe.

Mganda hapa hana sababu ya kuogopa, manake lugha yake, Luganda, inafanya mchezo uleule. Simanyi ni sijui, na ile si- ni ya mimi vilevile. Tamanyi ni hajui, tetumanyi hatujui, tebamanyi hawajui. Te- yake inakaa pale pale ha- yetu inapokaa. Mtu anayetokea Gulu ndo ana kazi zaidi, kwa sababu Kiacholi kinaweka neno lake mbele, pe, na kitenzi kinabaki kama kilivyokuwa: pe amito, sitaki, pe obino, hakuja. Naamini hii ni sababu mojawapo "hapana taka" ilikaa vizuri sana mdomoni mwa askari wa kaskazini, mpangilio waliujua tayari nyumbani. Kwa hiyo nikipata mwanafunzi Mwacholi sianzi na jedwali, naanza na kumwambia aondoe neno lililoko nje, alafu tutafute pa kuliweka ndani.

Na hilo neno lenyewe hapana, ukilikata, utakuta ni ha-pa-na. Pana maji hapa, hapana maji hapa. Ni ndugu wa hakuna na hamna, kukataa kwa ngeli ya mahali, na lilikuwa limeshakataliwa kichwani kwa ha- ileile kabla halijawa jibu la kusimama peke yake. Kazi yake ya leo ni kujibu: Umefika? Hapana, sijafika. Linajibu, alafu kitenzi kinakataa chenyewe.

Katikati ndo kuna utamu wote. Watu wanakuja darasani wakidhani kila wakati wa kukubali una mwenzake wa kukataa, mmoja kwa mmoja, na wanataka niwaandikie mistari miwili inayotazamana. Haiko hivo. Upande wa kukubali una mzigo unafika (sasa), mzigo hufika (kwa kawaida), na kuna mzigo wafika kwa wale wanaoongea kama watu wa pwani. Zote tatu ukizikataa zinaingia mlango mmoja: haufiki. Alama ya wakati imetoka kabisa, haipo, na badala yake mkia umegeuka -i. Mtu akisema "hauna fika" au "haunafika" ujue amejaribu kuacha -na- mahali pake na kuongeza ha- mbele tu, ni ileile tabia ya kuongeza neno. Wakati ujao ndo pekee unaotulia: utafika, hautafika, -ta- inabaki na -a inabaki.

Upande wa wakati uliopita ni kinyume, milango inaongezeka. Mzigo ulifika, ukikataa ni haukufika: -li- imeondoka, -ku- imeingia. Mzigo umefika, ukikataa ni haujafika: -me- imeondoka, -ja- imeingia. Lakini mtu akikuuliza "mzigo umefika?" unaweza kumjibu kwa yoyote kati ya hizo mbili, na hapo swali lake la -me- halikuamulii jibu. Ni wewe unaamua. Ukijibu haujafika unamwambia mlango uko wazi. Ukijibu haukufika unamwambia mlango umefungwa.

Nina njia mbili za kuwaonyesha watu hii tofauti na zote mbili hufanya kazi. Ya kwanza ni daftari la mahudhurio. Saa mbili asubuhi mwalimu anaita jina, mtoto hayupo, wenzake wanasema "hajaja". Saa kumi na moja jioni mzazi anapiga simu kuuliza, mwalimu anajibu "leo hakuja". Ni mtoto yuleyule na siku ileile, na kutokuwepo ni kulekule. Kilichobadilika ni kwamba asubuhi siku ilikuwa bado na nafasi ya yeye kuingia na jioni haina tena. Ukisema "hajaja" saa kumi na moja jioni, mzazi atashtuka kidogo, atajiuliza mnamtegemea aje saa hii kufanya nini.

Ya pili ni nzito zaidi. Semea babu aliyefariki: hakuwahi kupanda ndege. Semea shangazi aliye hai: hajawahi kupanda ndege. Jaribu kubadilishana uone. "Babu yangu marehemu hajawahi kupanda ndege" inakwaruza sikio, kwa sababu -ja- inataka mtu ambaye hadithi yake inaendelea. Sio kwamba -ja- inaahidi. Mi sijafika Karamoja, na labda sitafika, -ja- haijasema nitaenda, imesema tu kwamba hesabu haijafungwa.

Waganda wakishaona hivi wananiambia, mwalimu, hii si ndo yetu ya tannajja? Ndo hiyo. Tannajja, hajaja. Tebannajja, hawajaja. -nna- yao inafanya kazi ya -ja- yetu karibu kabisa, na teyajja inasimama upande wa hakuja. Mwanafunzi wa Luganda anayehangaika na meseji ya Kiswahili nampa kazi moja: kwanza ifikirie kwa Luganda. Ukijikuta umesema -nna-, andika -ja-. Usipoisikia -nna- hapo, basi huenda unataka -ku-.

Na kuna zawadi nyingine ndani ya huu undugu ambayo watu waliosomeshwa Kiingereza tu wanaikosa. Baada ya "kabla", Kiswahili kinapenda kukataa. Kabla mzigo haujafika, lipia yadi. Kabla sijalala, nipigie. Kabla hatujafika Masaka, mafuta yaliisha. Mtu anayetafsiri kutoka Kiingereza kichwani ataandika "kabla mzigo ulifika" au "kabla tulifika Masaka", na kila Mswahili atajua ametoka wapi. Lakini Mganda anasema nga tannajja, na hapo kukataa kumo tayari ndani, kwa hivyo "kabla hajaja" haimshangazi. Maana yake iko wazi ukiifikiria: wakati huo unaouzungumzia, kitu kilikuwa bado hakijatokea, na Kiswahili kinakisema kama kilivyokuwa wakati huo. Ukitaka kukwepa, "kabla ya kufika Masaka" nayo ni sahihi, ila sikia watu wa Mwanza wanavyoongea, ile ya -ja- ndo inawatoka kwanza.

Sasa nije kwenye sehemu inayoleta ugomvi wa kweli kwenye simu za watu, -ku-.

Kiswahili kina -ku- ya wakati uliopita wa kukataa na kina -ku- ya kumaanisha wewe unayetendewa. Zote zinaandikwa sawa na zinakaa karibu karibu. Angalia: sikuoni, sikuona, sikukuona. Ya kwanza ni sasa hivi, wewe uko mbele au kwenye video, mtandao mbaya, sikuoni. Ya pili ni jana, kuna kitu au mtu, sikuona. Ya tatu ni jana na ni wewe, sikukuona, -ku- ya wakati ikifuatwa na -ku- yako. Sasa weka kitenzi cha kupenda. "Sikupendi" ni kumwambia mtu sasa hivi simpendi. "Sikupenda" ni kwamba kuna jambo halikunifurahisha. "Sikukupenda" ni habari za zamani kuhusu wewe. Kati ya ya kwanza na ya pili kuna herufi moja tu mkiani, na mtu anayeandika haraka, au anayetoka lugha ambayo mkia wa kitenzi haubadiliki akikataa, haoni kama ile herufi ina uzito. Mwanafunzi anataka kumwambia mteja "ile rangi uliyotuma sikuipenda" anaandika "sikupendi rangi". Mteja anaelewa mwishowe, ila kwanza amesoma kwamba hapendwi.

Na ukiwa na kitenzi cha silabi moja ukae macho zaidi. Nilikula, sikula. Hapo -ku- ni ya wakati, ile ku ya kula imepisha. Mtu anayeogopa kupoteza ku anaandika "sikukula", na maana yake hiyo ni kwamba wewe sikukula, kana kwamba kulikuwa na mpango wa kukula. Sijala haina shida hiyo, sili haina shida hiyo (sili nyama, sinywi pombe), na sitakula inaweka ku yake kama kawaida.

Mpaka hapa mkia wa -i ulikuwa unatusaidia kutofautisha sasa na zamani. Lakini kuna kundi zima la vitenzi ambavyo mkia wake haubadiliki kabisa, vile vilivyotoka Kiarabu na haviishii na -a: kujibu, kusahau, kusamehe, kufikiri, kubali, rudi. Ninajibu, sijibu. Ninasamehe, sisamehe. Sehemu moja ya kukataa imenyamaza, na mzigo wote umebaki kichwani na katikati. Kwa hivyo jaribu kusoma hii bila kumuuliza aliyeandika: "Sikusamehe."

Inaweza kuwa si- ya mimi, -ku- yako, samehe: mimi sasa hivi sikusamehe wewe. Inaweza kuwa si- ya mimi, -ku- ya wakati uliopita, samehe: wakati ule sikusamehe, labda mtu mwingine, labda baadaye nilisamehe. Ni maandishi yaleyale, herufi kwa herufi, na hata ukitamka hakuna tofauti. Hali kadhalika "sikujibu": sikujibu wewe, kwa makusudi, sasa, au jana sikujibu, simu ilizima. Fikiria mtu amekaa na simu mkononi usiku anasubiri jibu, anapokea "sikujibu". Nimeona watu wanakosana kwa hili na wote wawili wanajua Kiswahili vizuri.

Dawa iko ndani ya mfumo wenyewe. Ukimaanisha zamani na ni yeye, weka -ku- zote mbili, sikukujibu, usione aibu inavyorudiarudia, ndivyo ilivyo. Ukimaanisha sasa, ongeza mimi na wewe au sema nia yako, sitaki kukujibu. Na kwenye kusamehe, kama moyoni bado kuna nafasi, lugha imekupa sijakusamehe, ambayo ni kali lakini imeacha mlango. Sitakusamehe imeufunga mbele. Sikukusamehe imeufunga nyuma. Kuchagua kati ya hizo ni jambo kubwa kuliko kuchagua maneno mazuri ya kuzunguka.

Kundi hilohilo la vitenzi linaleta utata mwingine kwenye hu-. Tulisema hu- ni ya kukataa kwa wewe: husomi. Lakini hu- pia ni ya mazoea: watu husoma. Kwa kitenzi cha kawaida mkia unaokoa, husomi na husoma. Kwa kusahau hauokoi. "Wewe husahau." Ni sifa ama ni lawama? Inaweza kuwa wewe huna tabia ya kusahau, hongera. Inaweza kuwa wewe ni mtu wa kusahausahau. Ndo maana watu wengi wakiongea wanakimbilia huwa: wewe huwa unasahau, kwa mazoea, na wewe huwa husahau, kwa kukataa. Nawaunga mkono. Kwenye kuandika hasa, huwa ni neno dogo linaloondoa shaka yote.

Kuna kitu kimoja kimebaki, kile cha mzigo usifike. Mbona pale ha- haikuja kichwani? Kwa sababu ha- inafaa pale ambapo unatoa taarifa ya kusimama yenyewe. Kitenzi kikiwa kinategemea kingine, au ni amri, au ni ombi, kukataa kunashuka ndani kwa sura ya -si-, baada ya kiambishi cha mtendaji. Ufike, usifike. Mzigo ukifika, mzigo usipofika. Mtu anayejua, mtu asiyejua. Hapa tena Luganda inatembea nasi: tamanyi ni hajui, lakini omuntu atamanyi ni mtu asiyejua, ile ta imeingia ndani baada ya a, kama -si- yetu ilivyoingia. Mganda akisema "mtu hajui" akimaanisha mtu asiyejua, namrudisha kwake nyumbani, namuuliza wewe ungesema omuntu tamanyi? Anacheka, anasahihisha mwenyewe.

Angalia pia ukif- na usipof-: -ki- ya masharti haikubali -si- ikae nayo, imepisha ikaja -po-. Na amri ya kawaida, lipa!, ukiikataa haiwi "hulipa" wala "hapana lipa", inakuwa usilipe, mkia umekuwa -e, kwa watu wengi msilipe.

Kwenye -nge- utakuta vyote viwili vinaruhusiwa, haungechelewa na usingechelewa. Kuna walimu wanaoshikilia mmoja tu, mi sioni haja, utasikia yote kwa watu wanaoongea vizuri, japo -si- ndo naiona zaidi kwenye maandishi.

Basi turudi Mutukula kwa yule kijana, na safari hii aandike yote. Tulifanya hivi darasani, kila mtu akileta kipande chake, na meseji ikatoka hivi: "Mzigo haujafika. Usipofika leo usiku usilipe gari dogo, mwenye gari hajasaini kitu. Haukupita Bukoba jana kwa sababu dereva hakuwa na karatasi. Usingechelewa kama zisingekosekana. Mi siondoki hapa kabla sijauona."

Isome pole pole. Haujafika, mlango wazi. Usipofika, sharti, kukataa kumeshuka ndani. Usilipe, amri. Hajasaini, bado anaweza kusaini, kwa hivyo bosi hana deni lakini aharakishe kuamua. Haukupita jana, jana imeisha, ndo sababu imesimama -ku- bila ubishi. Hakuwa, hivyohivyo. Usingechelewa, na hapo u- ni ya mzigo, sio ya bosi, mwanamke mmoja darasani aliuliza bosi asije akadhani anaambiwa yeye amechelewa. Swali zuri. Kwa -si- wewe na mzigo mnafanana, u- ni moja, usingechelewa ni wewe na ni mzigo. Kichwani ndo mlitengana, hungechelewa wewe, haungechelewa mzigo. Kwa hiyo tukabadilisha ile sentensi moja tukaandika haungechelewa, na meseji ikaenda hivyo.